Nanga ya Rangi ya Asali

Kabla sijaeleza makosa yangu nieleze kwanza sifa zangu, maana makosa yana tabia ya kujieleza yenyewe. Mimi ni fundi wa video. Kamera niliiweka kabatini miaka mitatu iliyopita. Siku hizi naandika maelezo kwenye kompyuta, mashine inasoma, na baada ya dakika chache inanirudishia picha zinazotembea. Matangazo ya maduka ya vitanda, mialiko ya harusi, shule zinazotafuta wanafunzi, vyote napokea. Ofisi yangu ni chumba kimoja ghorofani, juu ya dobi, na mvuke wa pasi zake hupanda ngazi mpaka kwenye viti vyetu. Mwezi wa joto tunafanya kazi kama maandazi kwenye kikaango.

Wenzangu wengi katika kazi hii video zao ni shuka ya viraka. Kipande cha kwanza kina rangi ya samawati, cha pili kina uwaridi, bibi harusi anatoka mlangoni na gauni jeupe anafika kwenye gari limekuwa la maziwa yaliyochacha. Zangu hapana. Zangu zote hutoka kama zimekatwa kwenye jora moja, na wateja wanalijua hilo, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nawakumbusha wasije wakasahau.

Siri yake ni nanga. Mashine haina kumbukumbu. Kila kipande cha sekunde nane inakitengeneza kana kwamba ndiyo mara ya kwanza mnakutana. Ukitaka kipande cha tano kifanane na cha nne, ni lazima urudie kuiambia maneno yale yale: mwanga unatoka wapi, kuta zina rangi gani, rangi zipi zinaruhusiwa na zipi zisionekane kabisa, lenzi ya aina gani. Aya moja, inayobandikwa juu ya kila agizo, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Pamoja nayo unaiwekea picha moja ya mfano iitazame. Hiyo ndiyo nanga. Chini yake kuna kisanduku kingine kidogo, cha makatazo, ambamo unaorodhesha usivyovitaka: vidole sita, maandishi ya ovyo, nyuso zinazong'aa kama zimepakwa mafuta ya kupikia. Maagizo tunayaandika kwa Kiingereza, maana Kiswahili cha mashine bado ni cha kuombea maji.

Nanga yangu niliyojengea jina ilikuwa ya rangi ya asali. Jua la alasiri, kuta za krimu, vivuli vya kahawia, kila kitu kimeiva. Ukiliwekea tangazo la godoro, watu wanasinzia kabla ya kununua.

Tulikuwa wawili ofisini. Wa pili ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye miaka ishirini na miwili, ambaye nilimbandika jina la Mkaguzi kwa sababu hakuna kitu kinachopita mbele yake kikapona. Ni kiziwi tangu uchanga. Anazungumza kwa mikono, na mimi nimejifunza, ingawa anasema mikono yangu ina lafudhi. Kwa lugha yake mimi naitwa kwa ishara moja: unajipapasa tumbo. Nilipomlalamikia akasema nimshukuru, angeweza kuchagua upara.

Kazi iliyotuletea haya aliileta mama yake mwenyewe. Dada yangu ni mkunga. Zamani alikuwa mshonaji. Aliacha cherehani akiwa na miaka thelathini, akaenda kukaa darasani na wasichana waliomwita shangazi, akasoma ukunga mpaka akafuzu. Sasa ni mkunga kiongozi wa wodi ya wazazi. Alipanda ngazi zetu Jumatatu moja, akahema, akautukana mvuke, akaketi.

"Fundi," akaniambia, maana hata dada yangu haniiti kwa jina, "nataka video ya dakika mbili. Dalili za umanjano kwa mtoto mchanga, ule ugonjwa wa kugeuka njano macho na ngozi. Itaonyeshwa kwenye runinga ya wodini na kutumwa kwenye zahanati arobaini. Daktari mkuu ameniruhusu mara moja tu. Ikishindikana, tunarudi kwenye yale mabango yanayofungiwa vitumbua."

"Si mngepiga picha watoto halisi?" nikauliza.

"Mama ana mtoto anaumwa, wewe umsogelee na kamera? Wewe ungekubali?" Akamtazama binti yake, kisha akanitazama mimi. "Nataka mama akishaiona hiyo video asidanganyike. Basi. Sitaki tuzo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amefika. Hapo Mkaguzi alikuwa anasoma midomo yetu, na aliinua nyusi moja.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo katika ukoo wetu halikuwa linasemwa. Mkaguzi hakuzaliwa kiziwi. Alipata umanjano akiwa na siku tatu, ukapanda, ukamharibu masikio kabla hajafikishwa hospitali siku ya tano. Siku ile ya tatu mimi nilikwenda kumwona. Ilikuwa mchana. Mapazia yalifungwa ili mtoto alale, taa ikawashwa, ile balbu ya zamani yenye mwanga wa njano. Niliketi kwenye kiti karibu na redio, kulikuwa na mpira. Dada akaniletea mtoto akaniambia, "Hebu mtazame vizuri, mimi macho yangu yamechoka na usingizi. Rangi yake unaionaje?" Nikamtazama. Nikamwambia, "Ana rangi nzuri, kama asali," nikamrudishia, nikaongeza sauti ya redio. Sikuinuka kwenye kiti. Dirisha lilikuwa hatua nne kutoka pale, na nimezihesabu hatua hizo mara nyingi kuliko nilivyohesabu kitu kingine chochote maishani.

Dada hakuwahi kunilaumu. Ningependa angenilaumu, tukagombana, yakaisha.

Basi nikaanza kazi. Vipande kumi na vinne: mama anaamka, anamnyonyesha mtoto, anambonyeza ngozi ya pua kwa kidole, anamfungua kope, anamtazama fizi, na kadhalika, mpaka anaelekea zahanati. Mtoto mzima wa kulinganisha, kisha mtoto mgonjwa. Nikabandika nanga yangu ya asali juu ya vyote kumi na vinne. Picha ya mfano niliipiga pale pale mezani, na ndiyo maana mara ya kwanza kikombe changu cha chai kikatokea katika kila kipande, hata kwenye meza ya kujifungulia, kimetulia pembeni kama mjumbe wa kamati. Mashine ukiipa picha inachukua yote yaliyomo, haiulizi. Mkaguzi alicheka mpaka akashika mbavu. Nikapiga picha nyingine bila kikombe.

Siku ya tatu ya kazi video ikawa tayari, na ilikuwa nzuri. Nasema bila aibu. Ukuta haukuhama, shuka haikubadilika, mama alikuwa yule yule toka mwanzo hadi mwisho. Dada akaja saa sita mchana, bado amevaa sare. Akaitazama yote. Akaomba airudie. Ilipokwisha akauliza taratibu:

"Mtoto mgonjwa ni yupi?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Nikarudisha kipande cha tisa, nikakisimamisha, nikaweka kidole kwenye kioo. Jicho la mtoto lilikuwa la njano. Nikarudisha cha nne, mtoto mzima. Jicho la njano. Shuka ya njano. Meno ya mama ya njano. Nilikuwa nimezamisha wodi nzima kwenye asali na nilikuwa naitazama kwa siku tatu bila kuona.

"Umewapa wote ugonjwa," akasema dada. Hakupandisha sauti. "Na kwa mwanga huu huu ndivyo mtu anavyodanganyika."

Hakunitazama alipokuwa anasema, na mimi nikainama nikajifanya nachomeka waya ambao ulikuwa umechomekwa. Nilihisi joto usoni kuliko mvuke wote wa dobi. Akatuambia ana wiki moja, kikao cha kuidhinisha ni Jumatano, akashuka ngazi.

Mtu aliyeaibika hufanya kazi kwa hasira, na kazi ya hasira ina haraka. Nilichukua nanga ile ile ya asali na kuiongezea mwishoni: bila rangi ya njano, hakuna njano popote. Nikabonyeza. Mashine ikaniletea mapazia ya njano, na juu ya kitanda bata wa plastiki, wa njano, ambaye sikumwagiza.

Mkaguzi akasogeza kiti chake. "Mjomba," akasema kwa mikono, "ukimwambia mtoto asiguse sukari, kinachobaki kichwani mwake ni nini?"

"Sukari."

"Basi. Kwenye maelezo unaandika unachokitaka. Usichokitaka unakipeleka kwenye kisanduku chake. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Ni kweli nilimfundisha, na hakuna adhabu kama kufundishwa somo lako mwenyewe. Tukaandika nanga mpya. Mwanga wa dirishani asubuhi, siku yenye mawingu mepesi. Kuta nyeupe zinazoelekea kijivu. Shuka nyeupe. Gauni la mama la buluu iliyopauka. Ngozi katika rangi yake halisi. Tukapiga picha mpya ya mfano karibu na dirisha la ofisi, shuka nyeupe tuliyoazima kwa dobi ikiwa imetandikwa mezani. Na katika kisanduku cha makatazo nikajaza majina ya mambo yenyewe, bila "hakuna" wala "bila", kwa kuwa kisanduku chenyewe ndicho kinachokataa: mwanga wa machweo, rangi ya asali, taa ya njano, njano, chungwa, ubuluu wa baridi, mng'ao.

Mkaguzi ana kifaa kidogo kwenye kompyuta cha kuonja rangi. Unakigusisha sehemu ya picha, kinakupa tarakimu tatu, za nyekundu, kijani na buluu. Kitu cheupe au cha kijivu kikiwa hakijachafuliwa na mwanga, tarakimu zote tatu zinakaribiana. Katika video ya kwanza, shuka yangu ilikuwa na tarakimu ya buluu iliyo ndogo mno, ndiyo maana ikaonekana imelowekwa chai. Sasa zikawa zinafuatana kama ndugu. Kipande cha kwanza, cha pili, cha saba, shuka ni ile ile. Mkaguzi alikuwa anagusisha na kutikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka alipoondoka saa kumi kwenda kwa daktari wa meno.

Mimi nikamalizia peke yangu. Vipande vilivyobaki vilikuwa sita, pamoja na cha jicho la mtoto mgonjwa. Nanga ile ile, makatazo yale yale, neno kwa neno, kwa sababu huo ndio uaminifu wa kazi yangu: hubadilishi. Katika maelezo ya kipande cha tisa niliandika kwamba weupe wa jicho umeingia njano. Nikavitengeneza vyote, nikaviunga, nikaona vinang'aa kwa usafi. Nikamtumia daktari mkuu moja kwa moja ili dada apate habari njema bila kuhangaika. Baada ya nusu saa jibu likaja. "Safi sana. Imepita. Hakuna haja ya kusubiri Jumatano. Kesho saa sita mchana tunaisambaza."

Nilishuka ngazi nikipiga mluzi, na njiani nikamnunulia dobi soda.

Asubuhi Mkaguzi alikuwa anaweka maandishi ya chini ya picha. Alisisitiza yawepo, maana runinga za wodini huwa zimezimwa sauti, na yeye video isiyoeleweka kimya haitambui kuwa ni video. Niliona amesimamisha kipande cha tisa. Amekitazama muda mrefu. Akachukua kile kifaa chake, akagusisha jicho la mtoto mgonjwa, kisha shuka, kisha jicho. Akaniita kwa kugonga meza.

Tarakimu zilikuwa sawasawa. Chini ya picha yameandikwa maneno yake, makubwa na wazi: WEUPE WA JICHO UMEKUWA WA NJANO. Juu yake mtoto ananitazama na macho meupe kama karatasi.

Nilielewa papo hapo. Maelezo yalisema njano, makatazo yalisema njano marufuku, na makatazo yalishinda. Mashine ilifanya nilichoiamuru. Kisanduku kile nilikijaza kwa ajili ya kuta na shuka, nikakibandika bila kufikiri hata kwenye kipande kimoja ambacho njano ndiyo habari yenyewe. Mara ya kwanza niliwaumwisha watoto wote. Mara ya pili niliwaponya wote. Na hii ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa mama atalitazama jicho hilo jeupe, asome kwamba hilo ndilo la njano, kisha amtazame wa kwake.

Ilikuwa saa tatu. Saa sita inasambazwa.

Nitasema ukweli kuhusu nilichokifanya, ingawa hakinipendezi. Nilimwambia Mkaguzi, "Ni sekunde nane tu. Tuwaachie waisambaze, wiki ijayo tuwapelekee iliyorekebishwa, tuseme tumeiboresha. Daktari mwenyewe hakuona. Hakuna atakayeona."

Mkaguzi akaniangalia. Mikono yake ilikwenda polepole, kama anavyofanya anapotaka nisikose neno.

"Kutokuonekana ndiyo shida ya ugonjwa wenyewe, Mjomba."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilichukua simu nikampigia dada. Nilimweleza yote bila kupamba: kwamba nilituma bila yeye kuiona, kwamba jicho ni jeupe, kwamba kosa si la mashine. Upande wa pili nikasikia mtoto analia, na mlango ukifungwa. Kisha akasema, "Naenda kumzuia daktari. Nakuja huko." Akakata.

Alifika saa tano. Daktari amekubali kusimamisha, akasema, lakini amenuna, na kikao kinabaki Jumatano, na safari hii atakuwepo mtaalamu wa watoto mwenye miwani minene ambaye hapitishi hata salamu. Nilisubiri anitukane. Badala yake alivuta kiti katikati yetu.

"Nionyesheni mnavyofanya," akasema. "Mimi ndiye ninayejua mtoto anavyokuwa. Nyinyi mnajua mashine. Kwa nini nilikuwa nasubiri chini?"

Hilo swali lilikuwa la haki. Miaka yote mteja kwangu alikuwa mtu wa kushangazwa mwishoni.

Tukaanza kipande cha tisa upya, sote watatu. Nanga tuliiacha kama ilivyo, hatukugusa hata nukta. Katika makatazo, kwa kipande hicho na kile cha fizi na kile cha ngozi iliyobonyezwa, tuliondoa neno "njano" pekee, tukabakisha mwanga wa machweo, rangi ya asali na taa ya njano, kwa sababu tulikuwa tunaukataa mwanga, hatukatai jicho. Kwenye maelezo tukaandika mahali njano inapokaa: weupe wa jicho una njano hafifu, shuka kando ya shavu inabaki nyeupe. Mashine ikatoa watoto wanne, mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa na macho kama limau.

"Huyo si mtoto, huyo ni katuni," akasema dada. "Punguza. Njano ya kweli ina aibu."

Wa pili njano ilivuja mpaka kwenye shuka. Wa tatu alikuwa na shuka safi, ila jicho halijageuka vya kutosha. Kwenye wa nne dada alivuta kiti. Akasogea, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ndiye huyu," akasema. "Hivi ndivyo alivyokuwa."

Hakusema nani. Mkaguzi aligusisha kifaa chake kwenye jicho: buluu imeshuka. Kwenye shuka: tarakimu tatu, ndugu wa tumbo moja. Kisha akaweka kipande cha nne na cha tisa kando kwa kando. Mwanga ule ule, ukuta ule ule, gauni lile lile. Katika picha mbili nzima kulikuwa na kitu kimoja tu kilichobadilika, na hata mimi nilikiona kabla sijaonyeshwa.

"Sasa ndiyo nanga ina kazi," akasema Mkaguzi. "Ulikuwa unaiweka ili vitu vipendeze."

Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, na mimi nimeambiwa mara tatu.

Dada alikuwa bado anatazama kioo. "Kuna kipande kimoja kimepungua," akasema. "Cha mwanzo kabisa. Hatujaonyesha jinsi mtu anavyokosea. Nataka chumba chenye mapazia yaliyofungwa na taa imewashwa mchana. Mtoto anaonekana mzima. Kisha mama amchukue, ampeleke dirishani, afungue pazia. Pale pale jicho libadilike."

"Hiyo ya taa itaharibu mfululizo," nikasema, kwa mazoea tu.

"Iharibu," akasema dada. "Kwa kipande kimoja, iharibu."

Mkaguzi alikuwa ameshaanza kuandika. Kwa kipande hicho kimoja aliondoa nanga mpya, akaenda kwenye faili la zamani, akaleta nanga yangu ya asali, ile niliyojengea jina, akaibandika nzima. Jua la alasiri akalibadilisha likawa balbu. Makatazo ya njano akayafuta yote. Kisha akaandika maelezo ya tukio, na mimi nikiwa nyuma yake nikawa nasoma kadiri herufi zinavyotokea. Mwanamume ameketi kitini karibu na redio. Mama anamwonyesha mtoto mchanga. Mwanamume anamtazama haraka, anatabasamu, anamrudisha. Hainuki.

Nilimgusa bega ageuke.

"Nani alikwambia?"

"Mama. Nikiwa na miaka kumi na miwili, nilipomuuliza kwa nini ameacha kushona."

Nikamtazama dada. Alikuwa anakunja shuka ya dobi, pembe kwa pembe, kwa uangalifu mkubwa.

"Na ukaja kufanya kazi kwangu?"

"Nilitaka kuona kama umejifunza kutazama," akasema Mkaguzi. Kisha akageuka, akabonyeza.

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Nililia mbele yao wote wawili, na mvuke wa dobi ukapanda ukanisaidia kidogo. Dada aliweka shuka mezani, akanishika shingo kwa nyuma kama alivyokuwa akinishika tulipokuwa wadogo tukivuka barabara. "Mimi nilikuwa na macho pia, Fundi," akasema. "Nilikuwa mama yake. Dirisha lilikuwa la kwangu."

Jumatano video ilipita. Yule mtaalamu wa miwani minene aliomba arudie kile kipande cha jicho mara tatu, akauliza kama ni mtoto halisi, na alipoambiwa hapana akanuna, nadhani kwa sababu alikosa cha kukosoa. Alichoongeza ni maandishi mwishoni: njano ikitokea siku ya kwanza, usisubiri kesho. Mkaguzi akayaandika pale pale.

Wiki iliyofuata dada alituita wodini tuione inavyofanya kazi. Runinga ilikuwa ukutani, juu, haina sauti, kama Mkaguzi alivyotabiri. Wazazi sita vitandani, wengine wamelala, wengine wanazungumza na wageni wao, hakuna aliyekuwa anaangalia. Nilianza kunung'unika kwamba kazi yote ile imekuwa pambo la ukuta. Chumba cha taa ya asali kikapita, yule mwanamume wangu kitini akatabasamu. Kipande kikabadilika, pazia likafunguka, mwanga mweupe ukaingia.

Kwenye kitanda cha pembeni, mbali na dirisha, mama mmoja kijana alinyamaza katikati ya maneno yake. Alitazama runinga. Akamtazama mwanawe. Pembeni yake alikaa mwanamume, kaka yake au mumewe, sijui, simu mkononi, akamwambia kitu kama "mbona mzima huyo," bila kuinua kichwa.

Mama hakubishana naye. Aliteremka kitandani taratibu, akiwa bado na maumivu, akambeba mtoto, akaanza kutembea kuelekea dirishani. Dada alimwona naye akaenda. Waliinama pamoja juu ya yule mtoto, dada akamfungua kope kwa kidole gumba, wakatazama.

Mimi nilikuwa nahesabu hatua zake. Zilikuwa tisa.